Uzi: Kigeu ni "kasha lenye jina". Je, mfano huu unatosha kwa video ya chini ya dakika moja?

#1 Kalamu_na_Kibodi

Wakuu, salamu. Natengeneza video fupi za watu wanaoanza kuandika programu. Kila video dhana moja, na haivuki dakika. Naanza na kigeu. Skrini itaonyesha hivi:

```python
umri = 20
umri = 21
print(umri)
```

Na sauti yangu itasema: "Chukua kasha, andika juu yake jina: umri. Weka 20 ndani. Hicho ndicho kigeu. Mstari wa pili unaweka 21. Ukitaka kujua kilichomo, andika `print(umri)`, kompyuta itafungua kasha na kukuonyesha. Jina linabaki lilelile, kilichomo ndicho kinachobadilika."

Rafiki yangu anayefundisha aliisoma akasema kasha ni mfano unaopotosha, halafu akaendelea na shughuli zake. Mimi naona unatosha kabisa. Mwenye hoja aje nayo.

#2 Njiwa_Mweupe

Wengi tumefundishwa kwa kasha na tunaandika programu hadi leo. Rekodi, mkuu, usicheleweshe.

#3 Fundi_Nukta

Kabla hajarekodi, afanye jaribio dogo. Amtafute mtu ambaye hajawahi kuona programu, amsomee skripti hiyo mpaka mstari wa pili, kisha amuulize: sasa ndani ya kasha mna nini?

Wapo watakaosema 21. Wapo pia watakaosema 20 na 21, na hao hawajakosa akili. Kasha halisi ukiweka kitu, kisha ukaweka kingine, vinakuwa viwili. Wewe umewaambia "weka", hukuwaambia popote kwamba cha kwanza kimetoka. Jambo hili si geni: Benedict du Boulay aliliandika mwaka 1986 alipokuwa akieleza matatizo ya wanaojifunza programu, na kasha alilitaja kabisa.

Ubaya wake ni kwamba kosa hili halionekani mapema. Mwanafunzi anaona 21 kwenye skrini, anadhani kompyuta imemwonyesha cha juu, na 20 bado iko chini yake. Anaendelea na imani hiyo mpaka siku anaihitaji ile 20 na haipati.

#4 Takwimu_Kwanza

Samahani kwa kuingilia. Mimi nilivyojifunza, kigeu huru ndicho mtafiti anachokibadilisha, na kigeu tegemezi ndicho anachokipima. Skripti haijasema umri hapa ni upi kati ya hivyo viwili. Bila hilo mtazamaji hatajua uhusiano wao na sampuli yenyewe.

#5 Njiwa_Mweupe

@Takwimu_Kwanza mkuu, umeingia darasa la jirani 😂 Ila keti tu, viti vipo.

#6 Mwalimu_wa_Zamu

Nilikutana na jingine ambalo Fundi hakuligusa. Nilifundisha kundi dogo kwa kasha, nikaandika ubaoni:

```python
a = 5
b = a
print(a)
```

Binti mmoja makini akajibu kwamba skrini haitaonyesha kitu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Si umeitoa kwenye kasha la a ukaiweka kwenye la b? La a limebaki tupu." Kwa mantiki ya kasha alikuwa sahihi kuliko mimi, maana kitu kimoja hakikai pawili. Ukweli ni kwamba `b = a` haihamishi chochote. Inasoma thamani ya a, na a inabaki na 5 yake. Kwa hiyo ukishika kasha, utumie sekunde kadhaa kueleza kwamba kasha hili haliishiwi ukichukua kilichomo, na pia kwamba haliwezi kubeba viwili. Dakika yako yote itaishia kurekebisha mfano.

#7 Refa_Mstaafu

Mimi si mtaalamu, najifunza uzeeni. Kilichonifungua ni ubao wa matokeo uwanjani. Pameandikwa jina la timu, pembeni namba. Goli likiingia, namba inafutwa inaandikwa nyingine. Hakuna anayedhani 0 na 1 zipo ubaoni kwa pamoja. Na mtu wa jukwaani akinakili matokeo kwenye karatasi yake, ubao haubaki mtupu. Yale maswali mawili ya hapo juu yanajijibu.

Zaidi ya hapo, ubao ulinitatulia hii iliyonitesa sana:

```python
magoli = 0
magoli = magoli + 1
print(magoli)
```

Kwa hesabu nilizosoma shule, mstari wa pili ni uongo mtupu. Hakuna namba inayolingana na yenyewe ukiongeza moja. Nilipoutazama kama kazi ya mtu wa ubao ndipo ukaeleweka: anaangalia namba iliyopo, anaongeza moja, anafuta, anaandika jibu palepale.

#8 Fundi_Nukta

@Refa_Mstaafu hapo umegusa kiini. Anayeanza anasoma kushoto kwenda kulia kama sentensi, lakini kompyuta inaanza na upande wa kulia wa alama ya `=`. Inakokotoa mpaka ipate thamani moja, kisha ndipo inaangalia kushoto iandike wapi. Kwa hiyo kuna nyakati mbili ndani ya mstari mmoja: `magoli` ya kulia ni ya kabla, `magoli` ya kushoto ni ya baada. Mtu akilishika hilo hahitaji tena kuambiwa kwa nini `5 = a` inakataliwa na `a = 5` inakubaliwa.

#9 Malkia_wa_Safu

Mimi natumia Excel kila siku na sioni haja ya makasha wala mbao. Kigeu ni seli. Ukiwa na urefu kwenye A1, upana kwenye B1, na eneo kwenye C1 ikiwa na fomula `=A1*B1`, ukibadilisha urefu eneo linabadilika. Kila mtu anaielewa, mwambieni tu ni hivyo.

#10 Fundi_Nukta

@Malkia_wa_Safu kwa lahajedwali uko sahihi, na hapo ndipo watu waliotoka Excel wanapojikwaa. Kabla ya kuendesha hii, andika unachotarajia:

```python
urefu = 4
upana = 3
eneo = urefu * upana
urefu = 10
print(eneo)
```

#11 Malkia_wa_Safu

30.

Subirini. Nimeiendesha, inaleta 12. Kuna kasoro kwenye programu yangu au?

#12 Mwalimu_wa_Zamu

Hakuna kasoro. Mstari wa tatu ulipofikiwa, urefu ulikuwa 4, kuzidisha kukafanyika mara moja, na 12 ikaandikwa kwenye eneo. Kilichohifadhiwa ni jibu. Ile fomula haikuhifadhiwa popote. Urefu ulipobadilika baadaye, eneo halikuwa na habari. Ukitaka 30 lazima urudie mstari wa kuzidisha baada ya kubadilisha urefu. Seli ya Excel inaweka fomula na kuikokotoa upya kila inapohitajika, kigeu cha kawaida kinaweka tokeo tu.

Na kwa maoni yangu kosa hili ni kubwa kuliko la vitu viwili ndani ya kasha, kwa sababu programu haigomi. Inakupa 12 kwa ujasiri wote, na wewe unaiamini.

#13 Kompaila_Mkongwe

Mnazunguka mbuyu. Kigeu ni sehemu ya kumbukumbu yenye anwani. Ukiandika `int a = 5;` kwenye C, kompaila inatenga nafasi, kwenye mashine nyingi za leo ni baiti 4, na hiyo 5 inakaa humo. Ukiandika `int b = a;` panatengwa baiti nyingine 4, na thamani inanakiliwa. Hilo ni kasha, tena lenye ukubwa unaojulikana. Kasha jipya ambalo hujaweka kitu lina sifuri. Aliyeanza na C hana matatizo haya yote.

#14 Fundi_Nukta

@Kompaila_Mkongwe nusu ya kwanza nakubaliana nawe, kwa C kasha lina haki yake. Ila hiyo sifuri ni kweli kwa vigeu vya nje ya funksheni na vile vya `static` tu. Kigeu cha kawaida ndani ya funksheni usipokipa thamani kinaweza kuwa na uchafu wowote uliobaki mahali pale, na kukisoma ni hatari. Leo utaona 0, kesho namba ya ajabu, na utashinda ukitafuta kosa mahali ambapo halipo.

Python nayo haina kasha tupu kabisa. Ukiandika `print(umri)` kabla ya kuipa thamani yoyote, inakujibu `NameError: name 'umri' is not defined`. Jina lenyewe halijazaliwa bado.

#15 Kompaila_Mkongwe

Sawa, `static` nilikuwa naifikiria. Kasha linabaki palepale.

#16 Binti_Orodha

Kasha na ubao vyote vinakufa hapa:

```python
a = [1, 2]
b = a
a.append(3)
print(b)
```

Kwa mfano wa kasha, b ina nakala yake, kwa hiyo tungeona `[1, 2]`. Kwa mfano wa ubao, aliyenakili kwenye karatasi amebaki na matokeo ya zamani. Lakini Python inaonyesha `[1, 2, 3]`.

Mimi naeleza hivi: kigeu cha Python ni jina kwenye orodha ya simu yako. Umehifadhi namba moja kwa majina mawili, "Mama" na "Nyumbani". Ukipiga lolote kati ya hayo, inalia simu ileile. `b = a` haitengenezi simu ya pili, inaongeza jina la pili. Ndiyo maana `append` kupitia a inaonekana kupitia b. Na ukiandika `a = 7` umehariri jina moja tu likaelekea namba nyingine, lile la pili halijaguswa.

Mfano huu unafanya kazi kwa namba, kwa maandishi, kwa orodha, kwa kila kitu cha Python. Kwa nini tumfundishe mtu kasha leo halafu tuje kumnyang'anya baadaye?

#17 Mwalimu_wa_Zamu

Kwa sababu leo hana orodha, Binti. Ana umri = 20. Ukimwambia kuhusu majina mawili yanayoelekea kitu kimoja kabla hajaandika mstari wake wa kwanza, umempa jibu la swali ambalo hajawahi kuliuliza.

#18 Binti_Orodha

Lakini @Mwalimu_wa_Zamu yule binti wako wa "kasha la a limebaki tupu" asingekwama kwa mfano wangu. Ukihifadhi namba kwa jina la pili, la kwanza halifutiki. Sijaongeza hata sekunde moja.

#19 Njiwa_Mweupe

Mmenitisha sasa. Nimejaribu ya Binti ila badala ya `append` nikaandika `a = a + [3]`. b imebaki `[1, 2]`. Nikabadilisha nikaandika `a += [3]`, b ikawa `[1, 2, 3]`. Si nilifundishwa kwamba hizo mbili ni kitu kimoja kwa ufupi?

#20 Fundi_Nukta

Kwa namba hutaona tofauti. Kwa orodha tofauti ipo. `a + [3]` inaunda orodha mpya kabisa, kisha jina a linahamia kwenye hiyo mpya, b inabaki na ya zamani. `+=` kwa orodha inaongeza ndani ya orodha ileile, na kwa kuwa b inaitazama hiyohiyo, nayo inaona. Andika `print(a is b)` baada ya kila jaribio: ya kwanza itakupa `False`, ya pili `True`. Hicho ndicho kipimo cha haraka cha kujua kama majina mawili yameshika kitu kimoja.

Ila hii isiingie kwenye video ya dakika moja, jamani.

Kwa anayependa ushahidi zaidi ya mabishano: Felienne Hermans na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti uliolinganisha kasha na lebo, yaani jina linalobandikwa kwenye thamani, kwa watu wanaoanza. Waliofundishwa kwa kasha walifanya vizuri zaidi kwenye maswali mepesi ya mwanzo. Waliofundishwa kwa lebo walikuwa na nafasi ndogo ya kuamini kwamba kigeu kinabeba thamani mbili kwa pamoja. Kila upande wa uzi huu unaweza kujichukulia chake hapo.

#21 Kompaila_Mkongwe

Nimechukua changu. Maswali mepesi ya mwanzo ndiyo mada ya uzi.

#22 Kalamu_na_Kibodi

Nimewasoma wote, asanteni. Naacha kasha, nachukua ubao wa Refa, kwa sababu moja tu: ndio unaonipa `magoli = magoli + 1` bila kuongeza mfano wa pili. Orodha zitapata video yao, na huko nitaazima simu ya Binti. Skripti mpya, msimbo ni ule wa #7, mstari mmoja mmoja ukijitokeza ninapoutaja:

"Ubao wa matokeo. Pameandikwa magoli, pembeni sifuri. `magoli = 0`. Goli! Mtu wa ubao anaangalia namba iliyopo, anaongeza moja, anafuta ya zamani, anaandika mpya. Kwa msimbo: `magoli = magoli + 1`. Anza kusoma kulia: chukua namba iliyopo sasa, ongeza moja. Kisha njoo kushoto: liandike jibu kwenye magoli. Ile sifuri haipo tena popote. Huo ndio kigeu: jina moja, thamani moja kwa wakati mmoja, na inabadilika pale tu unapoandika mstari wa kuibadilisha. Sasa sema mwenyewe kabla sijaendesha: `print(magoli)` itaonyesha ngapi?"

Kimya kidogo, kisha jibu linatokea.

#23 Refa_Mstaafu

Nimetajwa kwenye sinema! Ile "pale tu unapoandika mstari wa kuibadilisha" iache hapohapo, ndiyo inayomjibu dada wa Excel.

#24 Mwalimu_wa_Zamu

Nimeisoma kwa sauti huku natazama saa, haijafika dakika, ila nilikimbia. Tatizo si maneno, ni macho. Mtazamaji hawezi kukusikiliza na kusoma msimbo mpya kwa wakati mmoja. Kila mstari unapojitokeza nyamaza kidogo, ndipo useme. Ukifanya hivyo utabanwa na muda, na mimi ningekata sentensi ya "Huo ndio kigeu". Ameshakiona kikifanya kazi, ufafanuzi unakuja kama mkia.

#25 Binti_Orodha

Mimi ningekata mtu wa ubao kuliko hiyo sentensi. Ni mstari pekee unaosema jambo ambalo litabaki kweli mtu akitoka kwenye mfano.

Na bado "anafuta ya zamani" inanikera. Kwenye Python hakuna kinachofutwa pale. Jina limehamia kwenye 1, basi. Ile 0 kama kuna jina jingine linaishika, ipo.

#26 Kompaila_Mkongwe

Kwenye C inafutwa, dada. Baiti zilezile zinaandikwa upya.

#27 Binti_Orodha

Video ni ya Python, kaka.

#28 Takwimu_Kwanza

Mimi sikuondoka. Nimeendesha msimbo wa Refa, ila kwenye mstari wa mwisho nikaandika `print("magoli")`, na imeniandikia neno magoli badala ya 1. Hiyo nayo ni ubao au ni simu?

#29 Njiwa_Mweupe

😂😂 Darasa la jirani limeuliza swali zuri kuliko sisi sote.

#30 Mwalimu_wa_Zamu

@Takwimu_Kwanza ondoa alama za kunukuu. Ukiziweka, unaiambia Python ichukue herufi hizo kama maandishi yalivyo, haitafuti kigeu chenye jina hilo. Ukizitoa, inalitafuta jina na kukupa thamani yake. Bila alama na jina ukalikosea herufi moja, utapata ile `NameError` ya Fundi. Pamoja na alama haitalalamika kamwe, itaandika tu ulichoandika.

@Kalamu_na_Kibodi hili nimeliona kwa wanaoanza mara nyingi kuliko lile la kasha kubeba viwili. Fikiria kama swali la mwisho la video liwe hili.

#31 Kalamu_na_Kibodi

Nikiliweka, sina nafasi ya `magoli + 1`. Kimojawapo kitoke. Mnasemaje?

#32 Malkia_wa_Safu

Kitoke `+ 1`.

#33 Refa_Mstaafu

Mkiondoa `+ 1` mtu wa ubao atakuwa amekuja uwanjani kufanya nini?

#34 Njiwa_Mweupe

Wakati mnaamua, nina swali la JavaScript. Nimeandika hivi na haikugoma:

```javascript
const namba = [1, 2];
namba.push(3);
```

`const` si ndiyo inayozuia kubadilisha?

#35 Binti_Orodha

Inazuia jina kuhamishiwa kwenye kitu kingine. Jaribu `namba = [9]` uone itakavyokataa. Kilichomo ndani ya orodha hailindi. Tena hapo, Kompaila, naomba unieleze kwa kasha.

#36 Kompaila_Mkongwe

Kasha limegongomelewa sakafuni, kifuniko kiko wazi. Swali jingine?

#37 Fundi_Nukta

Hapana, ngoja. Hiyo si mbaya hata kidogo.

#38 Binti_Orodha

Fundi na wewe! Haya, `const` mbili zikishika orodha moja, kasha lipi limegongomelewa?